Pochi Iliyoanguka Kituoni

Hadithi ya pochi iliyookotwa inafahamika kwa karibu kila aliyepita shule ya msingi. Mtoto maskini anakuta pochi kituo cha basi. Ndani mna mamilioni. Anampelekea mwenyewe, ambaye kumbe ni tajiri mkubwa, na tajiri anamnunulia baiskeli na kumlipia ada mpaka chuo kikuu. Chini pameandikwa: Fundisho, uaminifu hulipa. Mwalimu anauliza maswali matano, watoto wanajibu yote sawasawa, kengele inalia.

Kesho yake mmoja wao anaokota kalamu ya mwenzake chini ya dawati na kuitia mfukoni. Ukimuuliza, anakujibu bila wasiwasi: "Sikuiba, nimeokota."

Mtoto huyo hakusinzia darasani. Hadithi ndiyo haikumfikia. Yeye hajawahi kuona milioni moja, kwa hiyo tamaa ya yule mtoto wa kitabuni haijui. Tena alichoelewa ni kwamba ukirudisha cha mtu unapewa baiskeli, na kalamu haina baiskeli. Mwanafunzi wa darasa la tatu hadi la tano, mwenye miaka tisa, kumi au kumi na moja, anajua vizuri kwamba kuiba ni kubaya. Asichokuwa na hakika nacho ni kama kuokota nako ni kuiba, na kama si kuiba, basi afanye nini na kile kilichomo mkononi.

Kwa hiyo hadithi ya pochi ina kazi mbili. Imwoneshe mtoto njia ambayo pochi inapita mpaka imfikie mwenyewe, hatua kwa hatua, asije akabaki nayo kwa sababu tu hakujua pa kuipeleka. Na imwoneshe moyo wa mtoto mwenzake pale anapotamani. Hapa chini naisimulia hadithi moja ya aina hiyo kwa vipande, na baada ya kila kipande naeleza kwa nini kimekaa hivyo, ili mzazi au mwalimu anayetaka kutunga ya kwake aone mishono ilipo.

Chini ya benchi

Zuhura wa darasa la nne na jirani yake Juma walikuwa kituoni Buguruni, wanasubiri daladala ya kurudi nyumbani. Daladala mbili zilikuwa zimepita. Ya kwanza konda alipiga kelele, "Wanafunzi wawili tu!" na wakubwa wakawatangulia. Ya pili haikusimama kabisa. Jua lilikuwa linawaka. Zuhura akakaa kwenye benchi, akavua raba ya kulia na kukung'uta mchanga. Raba ile ilikuwa na tundu kidoleni, na mchanga uliingia kila siku.

Alipoinama kuivaa tena, akaona kitu cheusi kwenye vumbi. Ilikuwa pochi ndogo ya kike. Zipu yake ilikuwa imeharibika, kwa hiyo mwenyewe alikuwa ameifunga kwa mpira wa nywele mwekundu.

Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Hakuna aliyekuwa anatafuta kitu.

"Fungua," Juma akanong'ona.

Ndani mlikuwa na noti mbili za elfu kumi, noti moja ya elfu mbili, funguo mbili zilizofungwa kwa uzi, na daftari dogo lililokunjwa. Zuhura akahesabu haraka kichwani. Raba mpya pale sokoni ni elfu kumi na mbili.

"Kuokota si kuiba," Juma akasema.

Kipande hiki kimejaa vitu vidogo kwa makusudi. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayelipa nauli ya shilingi 200 anamjua konda anayekataa wanafunzi kwa sababu wanalipa kidogo. Akimkuta ndani ya hadithi, anajua kwamba kituo hiki ni chake. Kiasi cha fedha nacho kimepimwa. Elfu ishirini na mbili mtoto anaweza kuibadilisha papo hapo iwe raba, karanga na soda. Tamaa ya mtoto huja ikiwa na umbo la kitu anachokikosa, ndiyo maana tundu la raba limetangulia kabla ya pochi. Msimuliaji akianza na pochi, kisha akakumbuka kutuambia kwamba mtoto ana shida, shida hiyo itaonekana imebandikwa.

Halafu kuna maneno ya Juma. Yasiachwe nje, kwa sababu ndiyo maneno yenyewe ambayo watoto huambiana. Na tuwe wakweli: yana nusu ya haki. Sheria yenyewe inatenganisha mambo mawili. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 258 kinachoeleza maana ya wizi, inasema kwamba aliyeokota kitu kilichopotea na kukifanya chake hahesabiwi kuwa na nia ya wizi ikiwa hamjui mwenye kitu na ana sababu za msingi za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Ukiigeuza sentensi hiyo, unapata jibu la Juma. Kuinama na kuokota si kuiba. Lakini ikiwa mwenyewe anaweza kupatikana, nawe ukakifanya chako, hapo mlango wa wizi umeshaufungua. Ndiyo maana ndani ya pochi yetu pana daftari. Mtoto asome, na moyoni ajue kwamba mwenyewe yupo na anapatikana.

Funguo nazo zina kazi. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio kubwa: waliwapelekea wafanyakazi wa mapokezi katika miji 355 ya nchi 40 pochi zaidi ya 17,000, wakijifanya wameziokota njiani, kisha wakasubiri kuona nani atamtafuta mwenyewe. Wengi walidhani pochi zenye fedha ndizo zitakazopotea. Ikawa kinyume: zenye fedha zilirudishwa zaidi kuliko zisizo na fedha. Na katika nchi tatu ambako walizilinganisha pochi zenye ufunguo na zisizo nao, zenye ufunguo zilirudishwa zaidi. Fedha zinamfaa yeyote, lakini ufunguo unamfaa mwenyewe tu. Anayeuona anamwona mtu amesimama nje ya mlango wake. Ukitaka mtoto amfikirie mwenye pochi, usimhubirie huruma. Tia funguo ndani ya pochi.

Noti ya elfu mbili

Zuhura akaifunga pochi kwa ule mpira mwekundu na kuitia ndani ya begi, chini ya madaftari. Lakini kabla ya kuifunga, vidole vyake vilichomoa noti ya elfu mbili. Akaikunja mara nne na kuisokomeza ndani ya soksi. "Ya nauli na karanga," alijiambia. "Nyingine zote nitarudisha."

Juma aliona. Hakusema kitu.

Mara kijana mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo akasogea. "Mdogo wangu," akasema kwa sauti laini, "hiyo pochi ni ya dada yangu. Nipe nimpelekee."

Zuhura akalikumbatia begi. "Shikamoo, kaka. Imefungwa na nini?"

"Marahaba. Imefungwa na zipu, kwani pochi hufungwa na nini?"

"Basi siyo hii," Zuhura akasema. Akamshika Juma mkono, wakavuka barabara pamoja na mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya samaki, wakarudi shuleni. Mwalimu wa zamu alikuwa bado ofisini.

Hapa ndipo hadithi nyingi za pochi zinapopungukiwa. Ama mwenyewe anatokea palepale, ama mtoto anakwenda peke yake mpaka nyumbani kwa mtu asiyemjua. La kwanza linamnyima mtoto njia, la pili linamfundisha jambo la hatari. Mtoto hafai kupeleka pochi nyumbani kwa mgeni, na hafai kusimama kituoni akitangaza kwamba ameokota fedha. Anampelekea mtu mzima anayemfahamu: mzazi, mwalimu, mjumbe wa mtaa. Mtu mzima huyo ndiye anayeendelea hadi serikali ya mtaa au polisi ikibidi.

Swali la Zuhura kwa yule kijana ni dogo, lakini lina ukoo mrefu. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo watoto wengi wa pwani huikuta madrasa, kiokotwa kina mlango wake. Mwokotaji anaagizwa kwanza akitambue vizuri chombo kilimofungwa mali na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze kwa mwaka mzima mahali watu wanapokusanyika, kama vile sokoni na nje ya mlango wa msikiti. Anayekuja kudai anaulizwa alama zile. Mpira mwekundu wa nywele ndiyo ile kamba. Aliyeokota anaitazama alama na kunyamaza nayo, na anayedai ndiye anayeitaja. Kosa la kawaida ni kusema, "Nimeokota pochi nyeusi yenye elfu ishirini na mbili, ya nani?" Hapo kila mtu anageuka mwenyewe.

Tuje sasa kwenye soksi. Mwandishi mwoga angeiacha noti ile ndani ya pochi ili Zuhura abaki msafi tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini mtoto mwema asiye na doa humchosha msomaji wa miaka kumi, kwa sababu hafanani naye. Tena watoto wanajua kwamba wizi wao haufanani na ule wa majambazi. Unakuja kwa sauti ndogo inayosema "hii kidogo tu, nyingine zote nitarudisha." Sauti hiyo ndiyo hadithi hii inataka kuishika.

Ofisini kwa mwalimu

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona mmerudi?"

Zuhura akaiweka pochi mezani, akaeleza walikoikuta. Mwalimu akafungua ile pochi mbele yao, akachukua kalamu na kuandika kwenye kitabu cha zamu huku akitaja kwa sauti. "Funguo mbili. Daftari moja. Noti za elfu kumi, mbili. Jumla elfu ishirini." Akafunua daftari. Lilikuwa la kikoba cha akina mama watano. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na namba ya simu ya katibu wao. Mwalimu akapiga.

Saa moja ikapita. Mama mmoja akaingia akitweta, kanga imelowa jasho. Alikuwa ametembea kwa miguu, maana nauli yake ilikuwa ndani ya pochi. "Mwalimu, funguo zipo?" Hilo ndilo neno lake la kwanza. "Mtoto wangu mdogo amekaa kwa jirani tangu mchana. Siwezi kufungua mlango."

"Kwanza niambie, mama, ilikuwa imefungwa na nini?"

"Mpira wa nywele wa binti yangu. Mwekundu."

Mwalimu akampa. Mama akahesabu. Akahesabu tena. "Kulikuwa na elfu ishirini na mbili," akasema polepole. "Basi, si kitu. Hizi si zangu, ni za wenzangu. Ile elfu mbili nitailipa mwenyewe. Mungu awabariki, wanangu."

Ofisi ikanyamaza. Juma akatazama dirishani. Zuhura akauhisi mguu wake wa kulia ukiwaka, kama kwamba ile noti ni kaa la moto. Hakuna aliyemshuku. Mama alikuwa ameshageuka kwenda mlangoni.

"Mama," Zuhura akaita. Akainama, akavua raba yenye tundu, akavua soksi, akatoa noti iliyokunjwa mara nne. "Nilichukua mimi. Naomba unisamehe."

Mama akaitazama noti, akamtazama Zuhura. Akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. "Pochi nimeshukuru," akasema. "Lakini hili ulilosema sasa hivi nitakwenda kuwasimulia wenzangu wote wanne. Leo nalala ndani ya nyumba yangu kwa sababu yako."

Daladala ya jioni iliposimama, konda akasema tena, "Wanafunzi wawili tu!" Safari hii walikuwa wawili kweli. Zuhura akalipa mia mbili yake mwenyewe. Mchanga ulikuwa bado umo ndani ya raba.

Kwa nini hakupewa baiskeli

Kisa hiki kinaishia ofisini, na kilele chake hakipo kwenye pochi. Pochi ilirudi mapema, mbele ya mashahidi, na kuirudisha hakukuwa kugumu sana. Kugumu kulikuwa kusema ukweli pale ambapo hakuna aliyemshuku na mambo yangeisha salama kwa kunyamaza. Mtoto akisikia kipande hicho moyo unamdunda, kwa sababu amewahi kusimama hapo.

Namna mama alivyompokea ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote, na wengi wetu tungeiandika vibaya. Tungemtaka mwalimu amkaripie kidogo, au achapwe kiboko kimoja "ili ajifunze." Mwaka 2014, Kang Lee na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wa miaka mitatu hadi saba. Kila mtoto aliachwa peke yake chumbani na kuambiwa asigeuke kuchungulia kitu cha kuchezea. Wengi walichungulia. Kabla ya kuulizwa, walisomewa hadithi. Wengine walisomewa ya Pinokio anayeota pua ndefu kwa uongo, wengine ya mchungaji aliyezoea kudanganya kwamba mbwamwitu amekuja, wengine ya George Washington mdogo anayekiri kwamba ameukata mti wa baba yake na baba akafurahi kwa kusikia ukweli. Hadithi mbili za kutisha hazikuongeza ukweli. Ya Washington iliongeza. Watafiti walipoigeuza ya Washington, mtoto asikiri na mambo yamwishie vibaya, nguvu yake ikapotea.

Watoto wale walikuwa wadogo kuliko wa darasa la nne, kwa hiyo tusilichukue jaribio hilo kama kipimo cha kila umri. Lakini linaonesha mahali pa kukanyaga. Hadithi inayotisha inamfundisha mtoto kwamba ukweli na adhabu hukaa nyumba moja, naye atajifunza kuificha soksi vizuri zaidi. Hadithi inayomwonesha mtoto mwenzake amesema ukweli na amepokelewa kama mtu inampa sababu ya kujaribu.

Kupokelewa huko kusigeuke kuwa malipo. Mama angetoa elfu tano hapo, kilichobaki kichwani mwa mtoto kingekuwa biashara: toa elfu mbili upate tano. Tumemwachia Zuhura neno la shukrani na mchanga ndani ya raba. Raba haikuzibwa kwa sababu kituoni kwetu raba haizibwi hivyo, na mtoto anayesoma analijua hilo.

Swali moja jambo lingine, watoto wanapenda wanyama. Je, tungemfanya Zuhura awe sungura? Katika jaribio jingine la Toronto, lililochapishwa mwaka 2017, watoto wa miaka minne hadi sita waliosomewa kitabu cha kugawana chenye watu walitoa zaidi vibandiko vyao kwa wenzao kuliko waliosomewa kitabu hichohicho chenye wanyama waliovishwa nguo. Sungura wetu mjanja ana kazi yake katika ngano, na kazi hiyo mara nyingi ni kudanganya akapona. Kwa pochi ya kituoni, mtoto mwenye sare na begi anatosha.

Kusimulia darasani

Ukiisoma hadithi hii na watoto, isimamishe mara moja tu, pale mama anaposema "Basi, si kitu." Funika kitabu. Uliza: Zuhura anafikiri nini sasa? Usiulize afanye nini, kwa sababu hapo kila mtoto atakupa jibu analojua unalitaka. Ukiuliza anachofikiri, utasikia mambo ya kweli: "Anaogopa mwalimu." "Anasema ni kidogo." "Anaona aibu kwa sababu Juma ameona." Acha watoto watatu au wanne wajibu, kisha endelea kusoma bila kusahihisha.

Baadaye waulize kuhusu Juma. Yeye hakuchukua kitu, wala hakusema kitu. Je, alikuwa mwaminifu? Darasa litagawanyika, na usiharakishe kuliunganisha.

Na mstari ule wa mwisho unaoanza na neno "Fundisho," uache. Siku kalamu itakapookotwa chini ya dawati, muulize mtoto swali moja tu: "Imefungwa na nini?" Atacheka, kisha atageuka kumtafuta mwenyewe.